Nebamun kwenye mafunjo: mwili wa miraba 18 na jicho lisilosimama mahali pamoja

Mwanamume amesimama juu ya ngalawa ndogo ya mafunjo, miguu imetanuliwa, mkono mmoja umeinua fimbo ya kurusha yenye umbo la nyoka na mwingine umeshika korongo watatu. Nyuma yake amesimama mkewe. Katikati ya miguu yake ameketi binti mdogo aliyemkumbatia mguu. Mbele yao vichaka vya mafunjo vimejaa ndege wanaoruka, na paka amenasa ndege watatu kwa mpigo: mmoja kwa mdomo, mwingine kwa kucha za mbele, wa tatu kwa miguu ya nyuma. Chini, ndani ya maji, samaki wanaonekana wazima kana kwamba hakuna maji.

Mwanamume huyo ni Nebamun, mwandishi na mhesabu wa nafaka wa hekalu la Amuni kule Karnak, aliyeishi Thebes wakati wa Nasaba ya 18. Picha ilichorwa karibu mwaka 1350 KK katika kanisa dogo la kaburi lake, kwenye vilima vya ukingo wa magharibi wa Nile. Leo ni kimoja kati ya vipande 11 vya kaburi hilo vilivyoko Makumbusho ya Uingereza, London. Vilikatwa ukutani mwaka 1820 na Giovanni d'Athanasi, Mgiriki aliyekuwa akimfanyia kazi Henry Salt, balozi mdogo wa Uingereza nchini Misri. Mwaka uliofuata makumbusho yakavipata. Mahali penyewe pa kaburi hapajulikani tena, kwa hiyo kila tunachosema kuhusu mpangilio wa kuta zake kinatokana na vipande hivi na makaburi ya majirani zake.

Anayeiona mara ya kwanza huuliza: mbona bega limegeuka huku uso ukitazama kando? Mbona mke ni mdogo hivyo? Mbona ngalawa haizami? Jibu la haraka linalotolewa ni kwamba Wamisri hawakujua kuchora umbali. Jibu hilo halisaidii, maana halielezi chochote kinachoonekana ukutani. Kinachoonekana ni kanuni tatu zinazofanya kazi kwa pamoja, yaani miraba, mwili uliounganishwa kwa vipande, na ukubwa kwa cheo, na mahali zinapogongana mchoraji alilazimika kuchagua ipi ishinde. Tuzifuate kwa mpangilio ambao fundi mwenyewe angezifuata: ukuta, miraba, kisha mwili.

Ukuta na uzi mwekundu

Mwamba wa vilima vya Thebes ni chokaa, lakini sehemu nyingi umejaa nyufa na haufai kuchongwa nakshi nzuri. Ndiyo sababu makaburi mengi ya maofisa wa hapo yamepakwa rangi badala ya kuchongwa. Kuta zilisawazishwa kwa udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, kisha likapigwa tabaka jembamba la lipu nyeupe juu yake. Rangi iliwekwa lipu ikiwa imekwisha kukauka, ikashikizwa kwa utomvu wa mti au gundi ya wanyama. Kwa hiyo picha hizi haziwezi kuoshwa kwa maji. Tone moja linatosha kuiondoa rangi na kufichua michoro ya awali iliyo chini yake.

Michoro hiyo ya awali ndiyo tunayoihitaji. Fundi alichovya uzi katika udongo mwekundu wa oka uliotiwa maji, watu wawili wakaunyoosha ukutani, mmoja akauvuta katikati na kuuachia. Uzi hupiga lipu na kuacha mstari mnyoofu pamoja na matone madogo yaliyotapakaa pembeni. Matone hayo ni alama nzuri ya kutambulia: mstari wa uzi unayo, mstari wa brashi hauna. Baada ya mistari ya ulalo ikapigwa ya wima, na ukuta ukawa na miraba.

Picha ikimalizika, miraba yote hufunikwa na rangi ya usuli. Tunaijua kwa sababu makaburi mengine hayakumalizika, na mengine yamebanduka rangi. Pia kuna ubao mmoja wa mbao uliopakwa lipu, uliomo katika makumbusho yale yale ya London, ambao mfalme Thutmose wa Tatu amechorwa juu yake akiwa ameketi, na miraba myekundu ingali dhahiri nyuma yake. Pembeni mchoraji alirudiarudia alama za maandishi, kama mkono na kifaranga, kwa namna ya mtu anayejinoa kabla ya kazi yenyewe.

Kuhesabu kutoka wayo hadi mpaka wa nywele

Mwili wa mtu aliyesimama ulipewa miraba 18, kuanzia wayo hadi pale nywele zinapokutana na paji la uso. Hapo ndipo wengi wanaopima picha hizi hukosea: hupima hadi utosini. Utosi uko karibu mraba mmoja juu zaidi, na mara nyingi hauonekani kabisa kwa sababu ya wigi, taji au koni ya marhamu. Mafundi walichagua mpaka wa nywele kwa sababu hiyo hiyo. Vazi la kichwa hubadilika kutoka mtu hadi mtu, ila paji la uso halibadiliki. Mraba mmoja ni upana wa ngumi iliyofumbwa ya mtu huyo huyo anayechorwa, kwa hiyo kipimo kinatoka ndani ya mwili wenyewe, hakiletwi kutoka nje.

Ukishapata miraba 18, sehemu za mwili zina makazi yake. Mstari wa 6 unapita gotini, wa 9 chini ya makalio, wa 11 kwenye kitovu na mahali mgongo unapobonyea, wa 14 kwenye chuchu, wa 16 pale shingo inapokutana na mabega, na wa 18 ni mpaka wa nywele. Mkono ukining'inia, kiwiko hukaa kwenye mstari wa 12. Angalia namba hizo tena: goti ni theluthi moja ya urefu, makalio ni nusu, kiwiko ni theluthi mbili. Uwiano huu ni wa zamani kuliko miraba. Katika makaburi ya Ufalme wa Kale, karne nyingi kabla ya Nebamun, mafundi hawakutumia miraba bali mistari michache ya ulalo na mmoja wa wima uliopita karibu na sikio, na mistari hiyo ilikaa mahali hapo hapo penye theluthi na nusu. Miraba iliyokuja na Ufalme wa Kati iliujaza tu mfumo ambao tayari ulikuwepo.

Tufanye hesabu moja. Tuseme fundi anataka mwanamume mwenye sentimita 72 kutoka wayo hadi mpaka wa nywele. Namba hii tumeichagua kwa urahisi wa kugawanya, si kipimo cha Nebamun. 72 gawanya kwa 18 ni 4, kwa hiyo uzi unapigwa kila baada ya sentimita 4. Goti litakuwa sentimita 24 kutoka chini, makalio 36, kitovu 44, chuchu 56, mabega 64. Kwa upana, mabega ya mwanamume huchukua takriban miraba 6, yaani sentimita 24, na kiuno takriban miraba miwili na nusu, yaani 10. Tofauti hiyo kubwa kati ya bega na kiuno ndiyo inayompa kila mwanamume wa Misri umbo la pembetatu iliyopinduliwa. Mwanamke hupewa mabega membamba zaidi, karibu miraba 5, na mgongo wake hubonyea juu kidogo kuliko wa mwanamume.

Ukimjaribu Nebamun kwa njia hii juu ya picha nzuri iliyopigwa kwa kuelekea ukuta moja kwa moja, chora mstari wa 0 kwenye nyayo na wa 18 kwenye ukingo wa wigi juu ya paji, ugawe, kisha uangalie goti na kitovu. Usitazamie kila kiungo kiguse mstari kama kilichopimwa kwa rula. Miguu ikitanuliwa, mwili hushuka kidogo na goti la mbele halibaki mahali pa mtu aliyesimama wima. Picha iliyopigwa kutoka chini hurefusha miguu na kufupisha kichwa, na hapo mtu huweza kudhani mchoraji alikosea. Vipande vya Nebamun vina kasoro nyingine pia: vilikatwa kwa nguvu, na sehemu zilizovunjika zilijazwa lipu baadaye, kwa hiyo usichukue kipimo chochote kinachopita juu ya mwanya uliozibwa.

Miraba haikuwa sheria ya kila mtu ukutani. Ilitumika hasa kwa watu wakuu wa picha. Watumishi, wavuvi na wachunga ng'ombe mara nyingi walichorwa kwa mkono huru au kwa mistari michache tu, ndiyo maana miili yao inainama, inachuchumaa na kupindana kwa namna ambayo bwana wa kaburi hathubutu.

Mwili uliounganishwa

Sasa tuingie ndani ya mistari. Inasemwa sana kwamba Wamisri walichora uso kwa upande na kifua kwa mbele. Nusu ya kwanza ni kweli, ya pili ina dosari, na Nebamun anaionyesha vizuri.

Uso uko upande, lakini jicho limechorwa zima, kama linavyoonekana mtu akikutazama, pamoja na nyusi. Mabega yamefunguliwa kwa mbele, na ushanga mpana wa shingoni unaonekana kamili. Chini ya mabega mambo hubadilika. Fuata mstari wa nje wa kiwiliwili upande anakoelekea: unashuka kutoka kwapani, unatokeza chuchu moja, kisha unaingia kuelekea tumboni. Huo ni mstari wa kifua kinachoonekana kwa upande. Fuata mstari wa upande wa pili: unashuka kutoka kwapa la nyuma hadi pale mgongo unapobonyea. Huo ni mgongo. Kwa hiyo chini ya mabega hakuna kifua cha mbele. Kuna kiwiliwili cha upande kilichotundikwa chini ya mabega ya mbele. Kitovu nacho hakikai katikati ya tumbo, kimesogea karibu na ukingo wa mbele, kwa sababu fundi alitaka kitovu kionekane huku tumbo lenyewe limekaa upande. Nyonga, miguu na nyayo zote ziko upande.

Nyayo zina jambo lake. Mguu wa karibu na wa mbali yote miwili imechorwa kutoka upande wa ndani: kidole gumba kimekuja mbele na chini ya unyayo kuna uwazi wa tao. Katika mwili wa kweli mguu wa karibu ungeonyesha vidole vyote vitano na tao lisingeonekana. Vidole vyote vya mguu wa karibu vilianza kuchorwa hapa na pale katika Nasaba ya 18 na vikazoeleka zaidi zama za mfalme Akhenaten, lakini hata baada ya hapo mafundi wengi walibaki na nyayo mbili za ndani.

Sababu ya muunganiko huu inaeleweka ukiangalia kila sehemu peke yake. Pua na midomo hutambulika vizuri kwa upande, jicho kwa mbele, bega kwa mbele, unyayo kwa upande wa ndani wenye tao. Kila kipande kimepewa sura yake iliyo wazi kuliko zote, kisha vipande vimeunganishwa kwenye makazi ambayo miraba imekwisha kuyaamua. Mtazamaji hajapewa mahali pa kusimama. Hakuna mtu aliyesimama ukingoni akimwona Nebamun hivi. Kuna maelezo kamili ya Nebamun, na kaburi lilihitaji maelezo hayo kwa sababu picha hiyo ilikusudiwa kumtumikia marehemu milele. Mkono uliofichwa nyuma ya mwili ni mkono ambao hauko.

Kanuni hiyo hiyo inapita kila mahali kwenye kipande hiki. Ngalawa iko upande, maji ni ukanda wenye mistari ya mawimbi, na samaki ndani yake wako upande na wazima. Wakazi wa Ziwa Viktoria wangemtambua mmoja wao bila kuuliza, kwa maana sato wa Nile amechorwa na mapezi yake. Karibu naye yuko bunju mwenye tumbo la duara. Vipepeo wamefunguliwa mabawa. Katika kipande kingine cha kaburi hilo hilo, kile cha bustani, bwawa limechorwa kama linavyoonekana kutoka juu, mstatili wa bluu, lakini bata na samaki ndani yake wako upande, na miti inayolizunguka imechorwa kwa upande ikiwa na mashina na matunda, kiasi kwamba ile ya kando moja imelala ubavu. Mtu akijua kuisoma, anapata umbo la bwawa, aina ya miti na aina ya samaki kwa pamoja, kitu ambacho picha ya kamera isingeweza kumpa.

Mke ni mdogo, lakini miraba yake ni ileile 18

Mkewe Nebamun aliitwa Hatshepsut. Si yule malkia aliyetawala Misri, ni jina tu lililofanana. Amesimama nyuma ya mumewe, amevaa vazi la fahari na koni ya marhamu kichwani, wala hafikii bega lake. Binti ni mdogo zaidi, anatosha kukaa kati ya vifundo na magoti ya baba.

Hapa ndipo kanuni ya ukubwa kwa cheo inapokutana na miraba. Mke hakupunguziwa miraba. Naye ana 18 kutoka wayo hadi mpaka wa nywele. Kilichopungua ni ukubwa wa mraba mmoja. Tukirudi kwenye mfano wetu, mume ana mraba wa sentimita 4 na urefu wa 72. Fundi akimpa mke urefu wa 54, mraba wake unakuwa sentimita 3, goti lake linakaa sentimita 18 kutoka chini na mabega kwenye 48. Ngumi yake nayo ni ndogo kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana haonekani kama mtoto wala kama mtu aliye mbali; anaonekana kama mtu mzima aliyechorwa kwa kipimo kingine. Watoto nao mara nyingi ni watu wazima waliopunguzwa, wanatambulika kwa alama: uchi, kishungi cha nywele cha pembeni, au kidole mdomoni.

Ukubwa hausemi nani yuko karibu. Nyayo za mume na mke ziko juu ya ngalawa ile ile, kwenye mstari mmoja. Unasema picha inamhusu nani. Ni rahisi kuruka kutoka hapo na kusema kwamba mwanamke wa Misri siku zote alichorwa mdogo, na hilo si kweli. Mume na mke wanapoketi pamoja mbele ya meza ya sadaka, kwa kawaida wana kipimo kimoja, mkono wa mke umezunguka bega la mume. Mtu aliyeketi kwenye kiti ana miraba 14 badala ya 18, kwa sababu urefu wa paja umelazwa, na ukiwahesabia wanandoa hao utawakuta wote wana 14 yenye ukubwa sawa. Hatshepsut amekuwa mdogo kwenye ngalawa kwa sababu tendo la pale, kurusha fimbo kati ya mafunjo, ni la mumewe.

Ngalawa yenyewe imebanwa na kanuni hiyo. Kwa kipimo cha Nebamun, chombo hicho kisingebeba mtu mmoja, achilia mbali familia, na bata aliyesimama kwenye omo. Anayelifahamu funjo la vinamasi anajua linaelea vizuri, lakini si kwa kiasi hicho. Fundi hakuhitaji ngalawa iwe na ukubwa wa kweli. Alihitaji ionekane kuwa ngalawa, na iache nafasi kwa mtu.

Kanuni zinapogongana

Mwili wa Nebamun una mahali pamoja palipo pagumu hasa: mabega. Mtu anayerusha fimbo hugeuza mabega na kuvuta mkono mmoja nyuma. Miraba inataka mabega yakae kwenye mstari wa 16, yakiwa yametandazwa. Mtazamo wa vipande unataka mikono yote miwili ionekane na kila kitu kilichoshikwa kisomeke. Kanuni hizi mbili zimeshinda mwendo wa kweli: mikono imetandazwa pande zote mbili, fimbo upande mmoja na korongo upande mwingine, wala hakuna kinachopita mbele ya uso wake. Nguvu ya kurusha haimo mabegani kabisa, imehamishiwa kwenye miguu iliyotanuliwa na ndege wanaotawanyika. Wanaosema picha hii ni ya mwendo wanasema kweli, ila mwendo umo kwenye ndege na paka. Mwanamume mwenyewe amesimama kama alama ya maandishi.

Mikono ni mahali ambapo kosa la kweli na kanuni huchanganyikana. Mtu mkuu katika sanaa hii kwa asili anaelekea kulia, akiwa na mkongojo mkono wa kushoto na fimbo ya cheo mkono wa kulia. Fundi akimgeuza aelekee kushoto, anataka vitu vibaki katika mikono ile ile, lakini mwili uliogeuzwa haukubali, na matokeo yake huonekana kwenye picha nyingi: fimbo ya cheo iliyopaswa kupita mbele ya vazi inapita nyuma yake, au mkono wa kulia unapata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Ukitaka kujua kama umeona kosa la bahati mbaya au tatizo la kugeuza, angalia kwanza mtu anaelekea wapi, kisha gumba liko upande gani. Kosa la gumba kwa mtu anayeelekea kushoto lina sababu hiyo iliyo wazi. Kwa anayeelekea kulia kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba mkono wa fundi uliteleza.

Makosa mengine ni ya kazi yenyewe kuachwa njiani. Katika kaburi la Nakht, jirani wa Nebamun kwa wakati na mahali, kuna picha kama hii ya kuwinda ndege upande mmoja na kuchoma samaki upande wa pili. Nakht amekaza ngumi zote mbili akiwa tayari kuchoma, lakini mkuki haukuwahi kuchorwa. Ngumi ziliwekwa kwa sababu ni sehemu ya mwili na mwili ulipimwa mapema. Chombo kilisubiri hatua ya mwisho ambayo haikufika. Kipande cha Nebamun pia ni nusu ya picha. Upande wa kushoto uliopotea ulimwonyesha akichoma samaki, kwa hiyo watu wawili wanaofanana walitazamana huku mafunjo yakiwa katikati, na mmoja wa Nebamun hawa wawili aliangukia kwenye tatizo la mikono tuliloeleza.

Kwenye nakshi ya kuchongwa hatua za mwanzo ni zile zile, ila kuna hatari zaidi, kwa sababu patasi inakula mchoro wa chini. Kaburi la mfalme Horemheb katika Bonde la Wafalme linaonyesha hatua hizo zikiwa zimegandia ukutani: rasimu ya wino mwekundu, masahihisho ya mweusi juu yake, kisha sehemu ambazo patasi imeanza kuondoa jiwe kuzunguka maumbo, na kando yake sehemu ambazo haijafika. Mstari mweusi hauufuati mwekundu kila mahali. Mara bega limeshushwa kidogo, mara mguu umesogezwa. Bwana wa wachoraji alipita akisahihisha kabla ya mchongaji kugusa chochote. Kwenye rangi, kosa lingeweza kufunikwa hata siku ya mwisho.

Paka, na wanawake wanaokutazama

Paka wa Nebamun hana kanuni ya miraba inayomfunga. Mwili wake umepinda, madoadoa ya manyoya yamechorwa kwa mistari mifupi ya brashi nyembamba, na jicho lake limepambwa kwa dhahabu halisi. Ni vigumu kuamini kwamba mkono uliomchora ndio uliotandaza mabega yale, lakini hakuna sababu ya kudhani vinginevyo. Fundi yule alijua kuangalia. Kwa bwana wa kaburi aliagizwa kitu kingine.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye kipande cha karamu cha kaburi hilo hilo. Wanawake wanne wameketi chini, mmoja akipuliza filimbi pacha na wengine wakipiga makofi. Wawili kati yao wamegeuza nyuso zao kabisa na kumtazama anayeangalia picha, macho mawili, pua katikati, nywele zikining'inia bila mpangilio. Nyayo zao zimegeuzwa na unaona sehemu ya chini ya mguu, vidole vikiwa juu. Kando yao wachezaji wawili wamepishana miili kiasi kwamba kiungo cha mmoja kinakata cha mwingine. Mambo yote ambayo picha ya Nebamun inayakwepa yamefanywa hapa bila hofu, na watu wanaofanyiwa ni wale walioajiriwa kwa usiku mmoja. Ukiwatafutia mstari wa 6 au wa 14 huupati. Magoti yao yamekunjwa, mabega yameinama upande mmoja, na mchoraji aliwaweka kwa jicho tu.